Skrinshoti kwa kupangusa mkono kwenye tableti: maswali ninayoulizwa kila siku dukani

Mi niko Busia, upande wetu wa Uganda, nina kibanda cha kutengeneza simu na kuchapa barua. Tableti za Samsung Galaxy Tab A zimejaa huku kwa wafanyabiashara na kwa walimu, na swali la hiyo kitu ya kupangusa mkono kwenye skrini ili upate picha yake linakuja kila wiki, mara mbili mara tatu. Nimechoka kurudia mdomoni, basi nimeandika hapa maswali yenyewe vile watu wanavyoyauliza. Majina ya menyu nimeyaacha kama yalivyo kwenye skrini ili usipotee.

Hii kitu ni nini hasa?

Ni njia ya kupiga skrinshoti bila kugusa batani yoyote. Unasimamisha ubavu wa mkono kwenye skrini, unaupitisha kutoka upande mmoja hadi mwingine, na tableti inapiga picha ya kile kilichokuwa kinaonekana. Kwenye setingi inaitwa Palm swipe to capture. Haihitaji intaneti, haili bando, haihitaji apu ya kudanlodi, kwa hiyo mtu akikwambia ulipie apu ili uipate, mwambie asante na uende zako.

Naiwasha wapi?

Kwenye tableti nyingi za Samsung za miaka ya karibuni njia ni hii:

```
Settings > Advanced features > Motions and gestures > Palm swipe to capture
```

Hapo utaona kiswichi, kikiwa na rangi ya buluu imewashwa, kikiwa cha kijivu imezimwa. Nyingi zinatoka kiwandani ikiwa imewashwa tayari, ndio maana kuna watu wanapiga skrinshoti bila kukusudia wanapofuta vumbi kwa kitambaa au kwa mkono, halafu wanakuja kuniuliza kama tableti ina virusi. Haina virusi, ni mkono wako.

Mbona yangu haina hiyo Motions and gestures?

Mpangilio wa menyu unabadilika kadiri toleo linavyobadilika. Za zamani kidogo zinaiweka moja kwa moja ndani ya Advanced features, na zile za zamani sana zenye batani ya Home ya kubonyeza zilikuwa na menyu inaitwa Motion au Palm motion, ndani yake unakuta Capture screen. Usikariri njia zote hizo. Fungua Settings, juu kuna alama ya lenzi ya kutafuta, andika `palm`, kama kitu kipo kitatokea chenyewe na ukigusa kinakupeleka pale pale. Kama umeandika palm na hakuna kitu, tableti yako haina, tumia batani, tutafika huko.

Tableti yangu si Samsung, itakubali?

Kupangusa kwa ubavu wa mkono ni kitu cha Samsung. Kampuni zingine zina mambo yao, nyingi unashusha vidole vitatu kwa pamoja kutoka juu kwenda chini, na hiyo pia unaitafuta kwenye setingi kwa kuandika `screenshot`. Halafu niseme ukweli, kuna tableti za bei ya chini zinauzwa njiani zikiwa na maandishi ya Samsung nyuma lakini ndani si Samsung. Nenda Settings, halafu About tablet, angalia namba ya modeli. Galaxy Tab A7 Lite ya laini kwa mfano ni SM-T225, ile ya waifai pekee ni SM-T220. Ukikuta neno la ajabu ambalo halifanani kabisa na SM na tarakimu, usihangaike kutafuta Palm swipe, na pole.

Nimewasha lakini napangusa hadi mkono unauma, hakuna kitu. Nifanyeje?

Hapa ndipo penye kazi, karibu watu wote wanaokuja kwangu shida yao iko hapa, setingi imewashwa vizuri ila mkono ndio haujaelewa.

Watu wanasikia neno kiganja wanaweka kiganja chote bapa kama wanabariki tableti. Sivyo. Unaweka ubavu wa mkono, ule upande wa kidole kidogo, kuanzia ncha ya kidole hicho hadi karibu na kifundo. Mkono umesimama, dole gumba liko juu, vidole vimeshikana. Umeshamwona mama anachambua maharagwe kwenye sinia, anavyosukuma yaliyo safi upande mmoja kwa ubavu wa mkono? Ni vile vile kabisa, mwendo ule ule na mkandamizo ule ule.

Anzia kwenye ukingo wa kushoto uende kulia, au kulia uende kushoto, zote sawa. Mkono usinyanyuke katikati, ukinyanyuka hata kidogo tableti inahesabu umeanza upya. Mwendo usiwe wa kukimbia wala wa konokono, kama sekunde moja hivi kutoka ukingo hadi ukingo. Na si lazima ukandamize, kioo cha tableti hakipimi nguvu, kinapima eneo lililoguswa.

Hilo la eneo ndilo siri yenyewe. Chini ya kioo kuna wavu wa nyaya nyembamba sana wenye umeme mdogo, na ngozi yako ikigusa kioo wavu unasikia umeme huo umebadilika. Kidole kinaacha doa dogo la duara, tableti inasema huyu anataka kubonyeza au kusogeza ukurasa. Ubavu wa mkono unaacha alama ndefu iliyosimama kama mstari, na mstari huo ukitembea kwenda pembeni ndio tableti inajua huyu anataka skrinshoti. Kwa hiyo ukigusa kwa ncha ya kidole kidogo tu, huku sehemu nyingine ya mkono iko hewani, alama inakuwa fupi na tableti inakuona kama mtu anayesogeza ukurasa. Hata kucha ndefu zinaleta hii shida, dada mwenye kucha za kubandika akiweka mkono kucha inagusa kioo kwanza na kidole kinabaki juu. Mwambie alaze mkono kidogo ili nyama ndiyo ishike.

Nitajuaje kosa liko wapi?

Angalia kilichotokea ulipopangusa, tableti yenyewe inakwambia. Fanya jaribio kwenye skrini ya mwanzo yenye ikoni, usijaribie ndani ya apu, manake apu zina mambo yao.

Ukipangusa na kurasa za ikoni zikasogea pembeni, tableti imekuhesabu kama kidole, basi rekebisha mkono. Ukipangusa na hakuna hata kitu kimoja kilichosogea, ama kioo hakikusikii sehemu hiyo ama mkono umekaa vizuri lakini swichi imezimwa, rudi Settings uangalie. Ukiona skrini inamweka kidogo na ubao mdogo unatokea chini, imekubali, shida yako iko kwenye apu uliyokuwa unajaribia na si kwenye mkono.

Skrini ya mwanzo inakubali, nikiwa WhatsApp inakataa. Kwa nini?

Kibodi imefunguka! Hili ningeweza kuliandika kwa rangi nyekundu. Kupangusa mkono hakufanyi kazi wakati kibodi inaonekana, na hata maelezo chini ya ile swichi yanasema hivyo ila nani anasoma. Sababu inaeleweka, watu wakichapa kwenye tableti mikono inalala juu ya kibodi, sasa kila ukilaza mkono ingekuwa inapiga picha. Bonyeza alama ya kurudi mara moja, kibodi ishuke, halafu pangusa.

Nikupe kisa cha juzi. Mama mmoja anauza vitenge hapa sokoni, ana Tab A7 Lite, ile ya inchi 8.7, wateja wake wa Tororo na Mbale wanamtumia oda kwenye WhatsApp, na yeye anataka kupiga picha ya kila oda amtumie kijana wake wa stoo. Kaja amekasirika, anasema, "Fundi, hii tableti imekufa mkono, mwezi uliopita ilikuwa inakubali." Nikamwambia mama hebu nionyeshe unavyofanya. Akafungua oda, akagusa pale pa kuandika, kibodi ikatoka, akaanza kupangusa. Nikashusha kibodi. Akapangusa tena, sasa maongezi yakapanda juu badala ya kupigwa, manake mkono wake ulikuwa umelala mshazari anasukuma kutoka chini kwenda juu. Nikamsimamishia mkono, nikamwambia fikiria unakata kitambaa kwa mkasi kutoka pindo hadi pindo. Kutoka kushoto ikakataa. Kutoka kulia ikakubali mara ya kwanza.

Hapo nikajua kuna kitu cha tatu. Ile tableti ilikuwa na protekta ya kioo iliyobanduka upande wa kushoto, upana wa kidole hivi, ndani imejaa hewa na vumbi la sokoni. Hewa ikikaa kati ya kioo na protekta, ngozi yako iko mbali na ule wavu, kwa hiyo mwanzo wa mpanguso haukusikika na mkono ulionekana umeanzia katikati. Nikabandua protekta, nikafuta kwa kitambaa kikavu, ikakubali pande zote mbili. Na kwamba mwezi uliopita ilikuwa inakubali ni kweli kabisa, protekta ilikuwa haijabanduka. Mambo matatu kwa pamoja, yeye alikuwa anadhani ni moja. Nilimtoza hela ya protekta mpya tu, akaniletea na chapati kesho yake.

Ntajuaje kama kioo changu kina sehemu iliyokufa?

Kuna ujanja wa mafundi ambao haudhuru kitu. Nenda Settings, About tablet, Software information, gusa Build number mara 7 mfululizo, itakuomba namba ya siri ya loki kama unayo. Rudi Settings, chini kabisa kumetokea Developer options, ingia, tafuta Pointer location uiwashe. Sasa kila unapogusa inachora mstari. Chukua kidole kimoja, chora mistari kutoka kushoto hadi kulia, ukianzia juu ushuke polepole hadi chini kama mtu analima matuta. Mahali mstari unapokatika kila mara pale pale, hapo kioo hakisikii. Kama umebandua protekta na bado unakatika, kioo ndicho kibovu na hakuna setingi itakayokusaidia, mkono wako una haki. Ukimaliza zima Pointer location, la sivyo mistari itakusumbua, na vingine vyote ndani ya Developer options usiviguse.

Inakataa nikiwa nimeichomeka chaja, nikichomoa inakubali. Ni uchawi?

Ni chaja. Chaja mbovu inaingiza kelele ya umeme kwenye kioo, na ule wavu niliosema unasikia mguso wa ngozi sasa unasikia makelele. Utaona pia maandishi yanajibonyeza yenyewe au ukurasa unarukaruka. Chomoa, jaribu, kama imepona tafuta chaja nzuri. Mkono wenye maji au mafuta nao unaharibu, ukitoka kula rolex ule ubavu wa mkono una mafuta hadi kifundo, pangusa mkono kwanza kabla hujapangusa tableti.

Natumia ile kalamu ya S Pen, mkono haukubali.

Kalamu ikiwa karibu na kioo tableti inapuuza mkono makusudi, ili uweze kuandika huku mkono umelala. Sogeza kalamu mbali au irudishe mahali pake, kisha pangusa.

Tableti yangu ni kubwa, mkono unapita wapi?

Kwenye inchi 8.7 iliyosimama wima ni rahisi, upana ni mdogo, mkono unavuka mara moja. Kwenye Tab A8 ya inchi 10.5 au A9+ ya inchi 11 ukiilaza, safari ni ndefu, na wengi wananyanyua mkono kabla ya kufika. Iweke mezani au magotini, ishike kwa mkono wa pili isiteleze. Ukishindwa igeuze wima, upana unapungua. Si lazima mkono ufunike urefu wote wa skrini kutoka juu hadi chini, hakuna binadamu mwenye mkono huo, pitisha katikati inatosha.

Kava zile za watoto za mpira mnene zina ukingo ulioinuka, mkono unagonga ukingo kabla ya kukaa kwenye kioo. Hapo anzia ndani kidogo ya ukingo, hakikisha ubavu wote umeshika kioo kabla hujaanza kutembea.

Nikishapiga, picha inaenda wapi?

Fungua Gallery, kuna albamu inaitwa Screenshots. Ukiitafuta kwa My Files iko kwenye folda hii:

```
DCIM/Screenshots
```

Za zamani zinaweka kwenye `Pictures/Screenshots`. Picha inakuwa na ukubwa ule ule wa skrini yako, ile A7 Lite inatoa picha ya 1340 kwa 800, Tab A8 inatoa 1920 kwa 1200, kwa hiyo mtu akikulalamikia kwamba maandishi hayasomeki mara nyingi shida ni wewe ulipiga ukurasa mzima ukiwa na maandishi madogo. Kuza kwanza kwa vidole viwili, halafu piga.

Ule ubao unaotokea chini una kazi gani?

Unakaa sekunde chache tu halafu unatoweka, usiupuuze. Kuna penseli ya kukata na kuchorea, kuna alama ya kushea, na ile ninayoipenda mimi ni alama ya mishale miwili inayoelekea chini. Hiyo inateremsha ukurasa na kuendelea kupiga, unaigusa tena na tena hadi ufike unapotaka, au unaikandamiza tu iende yenyewe, mwisho unapata picha moja ndefu. Yule mama wa vitenge sasa oda ya mteja yenye meseji kumi na tano anaipiga kama karatasi moja badala ya picha sita zilizopishana. Mishale haitokei kama hakuna cha kuteremsha, ukurasa ukiwa umeishia hapo hapo.

Ubao usipotokea kabisa ingia Advanced features, kuna sehemu ya Screenshots, humo kuna swichi ya kuonyesha toolbar baada ya kupiga. Humo humo kuna ya kuficha ile mistari ya juu na chini yenye saa na betri, iwashe kama hutaki watu waone kwamba betri yako iko 4%, na kuna pa kuchagua JPG au PNG. JPG ni nyepesi kutuma. PNG ni nzito zaidi lakini maandishi yanabaki makali.

Imeniambia haiwezi kwa sababu ya usalama. Nani kazuia?

Apu yenyewe imezuia. Aliyetengeneza apu ana uwezo wa kuiambia Android hii skrini isipigwe, na Android inatii, haijalishi umepangusa mkono au umebonyeza batani au umesimama kwa mguu mmoja. Apu za benki nyingi ziko hivyo, kurasa za siri za Chrome ziko hivyo, na picha za WhatsApp za kutazama mara moja ziko hivyo. Utaona maneno kama Can't take screenshot due to security policy. Apu za sinema kama Netflix zinakupa picha nyeusi. Kama tableti umepewa na ofisi au shule, wao pia wanaweza kuwa wamezuia kwenye tableti nzima, hapo hata skrini ya mwanzo itakataa. Usipoteze siku kutafuta njia ya kuzunguka, ongea na aliyekupa.

Naweza kupiga tokeni ya umeme wa Yaka au meseji ya mobile money?

Ndio, na ni matumizi mazuri kabisa, tokeni ina tarakimu 20, kuinakili kwenye karatasi unakosea moja unarudi mwanzo. Kwenye tableti yenye laini meseji inakuja hapo hapo, ifungue, hakikisha kibodi imeshuka, pangusa, mtumie aliyeko nyumbani.

Ila upande wa malipo nina neno kwa wenzangu wenye biashara. Skrinshoti ya kwamba mtu amekulipa si malipo. Picha inahaririwa na mtu yeyote mwenye dakika mbili, hiyo penseli niliyoisema hapo juu inatosha kufuta jina na kuandika namba. Angalia salio lako mwenyewe kabla hujatoa mzigo. Na wewe ukituma yako, kata kwanza sehemu inayoonyesha salio, afande mmoja hapa alituma kwa grupu risiti ya michango ya harusi na salio lake lote likiwa hapo chini, tangu siku hiyo kila mwenye shida anajua mlango wa kubisha.

Inapiga yenyewe bila mimi kutaka, naizimaje?

Njia ile ile, kiswichi unakirudisha kijivu. Mtu anayechora au mtoto anayecheza gemu za kuteleza mkono anafaidi akiizima. Albamu ya Screenshots ikijaa picha za ajabu ajabu za skrini ya mwanzo ujue ni hii, na hizo picha zinakula nafasi, zifute. Nafasi ikiisha kabisa skrinshoti haihifadhiki, na watu wanadhani mkono umeharibika tena.

Kama mkono umeshindikana kabisa, kuna njia gani nyingine?

Bonyeza batani ya pawa na ya kupunguza volyumu kwa pamoja, uachie haraka. Usizikandamize kwa muda mrefu manake utaletewa menyu ya kuzima. Zile za zamani zenye batani ya Home ni pawa pamoja na Home. Hii njia inafanya kazi hata kibodi ikiwa wazi, kwa hiyo ukitaka kupiga kile unachokiandika kabla hujakituma, tumia batani, mkono hautakubali.

Batani zikiwa zimekufa, na kwenye tableti za mitumba zinakufa sana, nenda Settings, Accessibility, Interaction and dexterity, washa Assistant menu. Kinatokea kiduara kinaelea kwenye skrini, ukikigusa ndani kuna Screenshots. Mzee mmoja mwalimu ana mkono unaotetemeka, kupangusa hakuwezi na batani mbili kwa pamoja hawezi, hiki kiduara ndicho nilichomwekea, na picha zake za maswali ya hesabu zinafika kwa wanafunzi kila asubuhi kabla hata mi sijafungua kibanda.